Hesabu ya Jensen na vijana wa Uholanzi: kwa nini pengo la alama za akili halionyeshi tofauti za rangi za kuzaliwa nazo

Mwaka 1969, Arthur Jensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichapisha makala ndefu katika jarida la elimu la Harvard. Wakati huo wastani wa Wamarekani weusi kwenye vipimo vya akili ulikuwa chini ya ule wa Wamarekani weupe kwa takriban alama 15. Jensen aliandika kwamba ni busara kudhani vinasaba vinahusika pakubwa na pengo hilo. Zaidi ya nusu karne imepita na hoja yake bado inazunguka mitandaoni, mara nyingi kwa watu wasiojua ilitoka wapi. Ni hoja ya hesabu, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Matusi hayaibomoi. Kinachoibomoa ni kuifuata hatua kwa hatua hadi mahali inapovunjika.

Kwanza, namna alama zenyewe zinavyotengenezwa. Kipimo cha akili hakina uniti kama kilo au mita. Watunzi huwapa mtihani watu wengi wa nchi moja na wa rika moja, kisha wastani wao huitwa 100. Namna watu wanavyotawanyika kuuzunguka wastani hupimwa kwa mchepuko sanifu, na huo hupangwa uwe 15. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Alama yako inasema umesimama wapi ukilinganishwa na kundi lile lililopimwa mwanzo, basi.

Pili, neno ambalo hoja nzima inalitegemea: kiwango cha urithi. Watafiti huchukua mapacha wanaofanana kabisa, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na mapacha wa kawaida, ambao wanashirikiana takriban nusu ya vinasaba vinavyotofautiana kati ya mtu na mtu. Wakikuta kwamba alama za wale wa kwanza zinakaribiana zaidi kuliko za wale wa pili, wanakadiria kutokana na tofauti hiyo ni sehemu gani ya mtawanyiko inaendana na vinasaba. Jensen alichukua 0.8, yaani asilimia 80, kutoka tafiti za watu weupe wa Ulaya na Marekani. Makadirio ya leo yanatofautiana kulingana na umri na mahali, lakini tuikubali hiyo 0.8 kwa sasa, maana hoja yake inavunjika hata tukimpa namba anayoitaka.

Hesabu inakwenda hivi. Mchepuko sanifu ni 15. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 225, nacho ndicho kiasi chote cha mtawanyiko. Asilimia 80 ni ya vinasaba, inabaki asilimia 20 ya mazingira, yaani 45. Kipeuo cha pili cha 45 ni kama 6.7. Maana yake, mazingira yakiboreka kwa mchepuko sanifu mmoja, alama zinapanda kwa 6.7 tu. Sasa gawanya pengo la alama 15 kwa 6.7, utapata 2.2. Kwa hesabu hii, ili mazingira peke yake yaeleze pengo lote, Mmarekani mweusi wa wastani angepaswa kuwa anaishi katika mazingira mabaya kuliko ya watu takriban 99 kati ya kila 100 weupe. Jensen akasema hilo haliwezekani. Weusi wengi wana kazi, wana nyumba, watoto wao wanasoma, na hali zao zinaingiliana sana na za weupe. Kwa hiyo, akahitimisha, lazima vinasaba viwe vimechangia.

Kwa muda hakuna aliyekuwa na jibu safi. James Flynn, mwanazuoni wa siasa na falsafa aliyekuwa akifundisha Otago, New Zealand, aliona kwamba njia nzuri ya kuipima hesabu hiyo ni kuitumia mahali ambapo jibu linajulikana tayari. Akaenda kwenye takwimu za jeshi la Uholanzi. Pale, vijana karibu wote wa miaka 18 walikuwa wakipimwa kabla ya kuingia jeshini, mwaka hadi mwaka, kwa mtihani uleule wa maumbo wenye maswali 40. Mwaka 1952, vijana 31 katika kila 100 walipata zaidi ya maswali 24. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliopata zaidi ya 24 walikuwa 82 katika kila 100. Ukigeuza kuwa alama za akili, hilo ni ongezeko la kama alama 20 katika miaka 30.

Hawa ni watu wa taifa lilelile. Vijana wa 1982 ni, kwa kiasi kikubwa, watoto wa wale wa 1952. Vinasaba vya taifa havibadiliki kiasi hicho katika kizazi kimoja, kwa hiyo ongezeko lote lazima litokane na mazingira. Sasa tumia hesabu ya Jensen: 20 gawanya kwa 6.7 ni 3. Kwa hesabu hiyo, kijana wa wastani wa 1952 aliishi katika mazingira mabaya kuliko ya vijana 998 au 999 kati ya kila 1,000 wa 1982. Uholanzi ya 1952 ilikuwa imetoka vitani na haikuwa tajiri kama ilivyokuja kuwa, lakini haikuwa hivyo. Hesabu inasema jambo haliwezekani, na jambo limetokea. Basi kasoro iko ndani ya hesabu yenyewe, na hesabu ikishafeli kwa pengo kati ya baba na mwana, haiwezi kuaminiwa kwa pengo kati ya weusi na weupe.

Kasoro iko wapi? Mwaka 2001, Flynn na mchumi William Dickens walitoa maelezo ambayo mimi naona ndiyo bora tuliyo nayo. Tafiti za mapacha huhesabu kama urithi kila kitu kinachoendana na vinasaba, hata kama njia yake inapita nje, kwenye mazingira. Mtoto mwenye kawepesi kadogo ka kusoma hupenda vitabu, mwalimu humtia moyo, wazazi humnunulia vitabu zaidi, na marafiki zake huwa wasomaji. Baada ya miaka 10 tofauti ndogo imekuwa kubwa, na sehemu kubwa ya kilichoikuza ni vitabu, mwalimu na marafiki. Lakini pacha wake anayefanana naye amepita njia hiyohiyo, kwa hiyo takwimu zinaweka yote kwenye safu ya vinasaba. Ndani ya jamii moja, kwa wakati mmoja, mazingira yamefungwa kwenye mkia wa vinasaba. Sasa jamii nzima ikibadilika, shule zikiongezeka, familia zikiwa ndogo, kazi zikidai kufikiri kidhahania, nguvu ileile ya mazingira hufanya kazi kwa watu wote bila kungoja vinasaba. Wastani unaruka, na kiwango cha urithi ndani ya kila kizazi kinabaki juu vilevile.

Mwanabiolojia Richard Lewontin alikuwa amelionyesha hili kwa mbegu tangu 1970. Chukua gunia moja la mbegu za mahindi zenye aina mbalimbali ndani yake. Chota konzi moja uipande kwenye udongo uliorutubishwa sawasawa, na nyingine kwenye udongo uliokosa naitrojeni, nao uwe sawasawa kote. Ndani ya kila shamba, tofauti zote za urefu ni za mbegu, kwa kuwa udongo haubadiliki kutoka shina hadi shina. Kiwango cha urithi ni asilimia 100 kila upande. Lakini pengo kati ya mashamba mawili ni la udongo mtupu. Jensen alijua kabisa kwamba urithi ndani ya kundi hauthibitishi urithi kati ya makundi, ndiyo maana alihitaji ile hesabu ya ziada. Wengi wanaomnukuu leo wanairuka hatua hiyo. Wanasema akili inarithiwa kwa asilimia kadhaa, halafu wanaruka moja kwa moja hadi kwenye rangi.

Jambo hili halikutokea Ulaya peke yake. Huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini wa umri wa kama miaka 7 walipimwa mwaka 1984, kisha kundi jingine la umri uleule, mahali palepale, likapimwa mwaka 1998. Mtihani ulikuwa ule wa Raven wa picha za rangi. Una maswali 36, na kila swali ni picha yenye kipande kilichokatwa, na chini yake vipande 6 ambavyo mtoto huchagua kimoja kinachoziba pengo. Wastani ulipanda kutoka chini kidogo ya 13 hadi juu kidogo ya 17. Ili uone ukubwa wake, kumbuka kwamba mtoto anayebahatisha tu hupata kama 6. Watoto wa 1984 walikuwa wameizidi bahati kwa maswali 7, na wa 1998 kwa maswali 11, katika miaka 14, ndani ya jamii ileile. Watafiti walipotafuta sababu, zilizoshika vizuri zaidi zilikuwa kusoma na kuandika kwa wazazi, muundo wa familia, na lishe na afya ya watoto. Kuna watu waliokuwa wakichukua alama za chini za watoto wa Afrika na kuzisoma kama alama ya kudumu. Embu inaonyesha wanachosoma ni tarehe ya kipimo.

Mpinzani makini atasema: sawa, hesabu imevunjika, lakini hilo linatuachia swali wazi. Vinasaba bado vinaweza kuwa vinahusika. Ni kweli. Kuivunja hoja moja hakuthibitishi kinyume chake. Ndipo tunapokwenda kwenye tafiti zilizojaribu kulijibu swali lenyewe moja kwa moja, nazo ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Utafiti niupendao zaidi ni wa Klaus Eyferth, mwanasaikolojia wa Kijerumani, uliotoka mwaka 1961. Baada ya vita vya pili vya dunia, wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Ujerumani Magharibi walizaa watoto na wanawake wa Kijerumani. Baadhi ya baba walikuwa weusi, wengine weupe. Baba wengi waliondoka, watoto wakalelewa na mama zao wa Kijerumani, wenye hali zinazolingana. Kama vinasaba ndivyo vinavyoleta pengo la Marekani, nusu yake hivi ilipaswa kuonekana hapa, maana watoto wa baba weusi walikuwa na nusu ya vinasaba vyao kutoka upande huo. Eyferth alipima watoto 181 wa baba weusi na 83 wa baba weupe kwa kipimo cha Wechsler cha Kijerumani. Wastani wa wale wa baba weupe ulikuwa 97. Wa wale wa baba weusi ulikuwa 96.5. Pengo la alama nusu.

Utafiti huu una mipaka yake, na anayeutumia lazima aitaje. Baba hawakupimwa. Jeshi la Marekani lilichuja waombaji kwa mtihani, na mchujo huo uliwatoa weusi wengi kuliko weupe, kwa hiyo huenda pengo kati ya wanajeshi lilikuwa dogo kuliko pengo la nchi nzima. Lakini mchujo ungelazimika kuwa mkali mno kulifuta karibu lote. Tena watoto wenye baba weusi walikuwa wakinyooshewa vidole katika Ujerumani ya miaka ile, na mzigo huo ungetarajiwa kuzivuta alama zao chini.

Utafiti unaotajwa sana na upande wa pili ni wa Minnesota, wa Sandra Scarr na Richard Weinberg, ulioanza miaka ya 1970. Familia za weupe zenye uwezo ziliwaasili watoto wa rangi mbalimbali. Watoto wenye wazazi wawili weusi walipata wastani wa chini kuliko wenye mzazi mmoja mweusi, na hao chini ya walioasiliwa weupe. Kwa haraka, linaonekana ni jibu la vinasaba. Lakini watoto wenye wazazi wawili weusi walikuwa wameasiliwa wakiwa wakubwa zaidi, baada ya kuhamahama kati ya walezi, na umri wa kuasiliwa peke yake hushusha alama. Scarr na Weinberg wenyewe walisema tofauti za rangi zimechanganyikana na historia za malezi kiasi kwamba hazitenganishiki. Utafiti huu haumpi ushindi yeyote. Ukiona mtu anautaja bila kutaja umri wa kuasiliwa, ujue ameusoma kwa kudokoa.

Njia ya tatu ni kuangalia asili ndani ya Wamarekani weusi wenyewe, ambao karibu wote wana wahenga wa Ulaya kwa viwango tofauti. Hoja ya vinasaba inatabiri kwamba kadiri sehemu ya Ulaya inavyozidi, ndivyo alama zinavyopanda. Scarr na wenzake, mwaka 1977, walikadiria sehemu hiyo kwa vipimo vya damu kwa vijana weusi wa Philadelphia. Uhusiano na alama ulikuwa karibu na sifuri. Vipimo vya damu vya wakati ule vilikuwa butu, ni kweli. Ila hata leo, tukiwa na vipimo vikali zaidi, uhusiano ukionekana unabaki na tatizo kubwa: asili inaendana na weupe wa ngozi, na weupe wa ngozi unaendana na namna mtu anavyopokelewa shuleni, kazini na mtaani, hata na mali iliyorithiwa. Utakuwa umepima vitu viwili kwa pamoja.

Na pengo lenyewe halijakaa lilipokuwa. Dickens na Flynn, mwaka 2006, walikadiria kwamba kati ya 1972 na 2002 Wamarekani weusi walilipunguza kwa alama 4 hadi 7. Jensen na J. Philippe Rushton walibishia makadirio hayo, lakini kiasi hicho katika miaka 30 kingekuwa muujiza kwa kitu kilichoandikwa kwenye vinasaba.

Kuna swali la mwisho ambalo hujitokeza sana kwetu, la kulinganisha nchi na nchi, na hapo mambo huharibika mapema zaidi, kwenye mtihani wenyewe. Kabla ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, lazima uhakikishe mtihani unapima kitu kilekile pande zote. Namna ya kukagua ni hii: wachukue watoto wa makundi mawili wenye jumla sawa, halafu angalia swali moja moja. Ikiwa wenye jumla sawa wa kundi moja wanaangukia kila mara kwenye aina fulani ya swali, swali hilo linapima kitu kingine kwao, pengine kuzoea picha bapa, pengine kuzoea kuchagua jibu kati ya sita. Na hata mtihani ukifaulu ukaguzi huo, unachojua ni kwamba unapima kitu kilekile. Chanzo cha tofauti bado hujakigusa.

Bagamoyo ni mfano mzuri wa jambo hili. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapa watoto wa shule mafumbo ya kupanga kadi, ya mantiki, na mchezo wa kukisia kwa maswali ishirini. Watoto 358 walifundishwa mbinu za mafumbo hayo kwa muda usiofika saa moja, kisha wakapimwa tena. Wengine 100 walipimwa mara mbili bila kufundishwa. Waliofundishwa walipanda zaidi, na hilo lilitarajiwa. Lenye uzito ni jingine. Kwa wasiofundishwa, alama ya kwanza ilitabiri ya pili vizuri sana, uwiano wa kama 0.8, ambapo 1 ni kutabiri bila kukosea na 0 ni kutotabiri kabisa. Kwa waliofundishwa ulishuka hadi kama 0.3. Yaani chini ya saa moja ya mafunzo ilivuruga mpangilio wa nani ni wa juu na nani ni wa chini. Alama ya kwanza ilikuwa imepima zaidi nani amewahi kukutana na mambo ya namna hii kuliko uwezo wa kujifunza.

Zile orodha za wastani wa akili kwa kila nchi hukusanya alama kama hizo za mara ya kwanza na kuzigeuza kuwa namba moja ya taifa. Orodha ya Richard Lynn na Tatu Vanhanen ya mwaka 2002 iliipa Guinea ya Ikweta alama 59. Namba hiyo ilitokana na watoto wachache waliopimwa Uhispania, katika taasisi ya watoto wenye matatizo ya ukuaji. Jelte Wicherts na wenzake walipozipitia tena tafiti za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2010, wakieleza wazi ni zipi wamezichukua na kwa nini, wastani ulipanda hadi kama 80 kwa vigezo vya Uingereza. Nao walitahadharisha kwamba namba hizo hazisomeki kama namba za Ulaya, kwa sababu ushahidi kwamba mtihani unapima kitu kilekile huku na kule ni dhaifu.

Sasa wapo wanaosema swali litamalizwa na vinasaba vyenyewe, kwa kuwa siku hizi vinaweza kusomwa moja kwa moja. Watafiti hukusanya maelfu ya sehemu ndogo za vinasaba zinazoendana kidogo na miaka ya masomo, huzijumlisha, na kupata alama moja ya kila mtu. Karibu watu wote waliotumika kuzitafuta sehemu hizo wana asili ya Ulaya, na alama ikihamishiwa kwa watu wenye asili ya Afrika inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutabiri, hasa kwa sababu sehemu zinazosomwa mara nyingi ni vielekezi tu, navyo kwa watu wa asili tofauti havikai jirani na vinasaba vilevile. Hata ndani ya Ulaya, ukilinganisha ndugu wa tumbo moja badala ya watu wa familia tofauti, utabiri wa miaka ya masomo hupungua kwa takriban nusu. Huenda sehemu kubwa ya kilichopotea ilikuwa ya nyumba walizokulia, nayo ilikuwa imejificha ndani ya kitu kilichoitwa alama ya vinasaba.